Kabla Hujalipia Kompresa: Jinsi ya Kufuata Kelele ya Mashine ya Nje ya Kiyoyozi

Mashine ya nje ya kiyoyozi ikianza kupiga kelele, wa kwanza kulaumiwa huwa ni kompresa. Fundi anasimama mbele yake kidogo, anatega sikio, anatikisa kichwa: "Hii kompresa imeshakwisha." Likishatamkwa neno hilo mwenye nyumba hana la kujibu, maana kompresa ndicho kipuri ghali kuliko vyote humo ndani, na ukijumlisha gesi na ufundi unajikuta unasogelea bei ya mashine mpya. Kompresa zinakufa kweli, wala sisemi fundi huyo ni mwongo. Ila mashine ambayo bado inapoza chumba vizuri huku ikigonga, ikitikisika au ikivuma, mara nyingi ina bati lililolegea, feni iliyoelemea upande mmoja, au raba zilizokauka. Makosa haya matatu yanatambulika kwa sikio na kiganja cha mkono, na mengi yake yanamalizwa kwa bisibisi, brashi na raba za bei ndogo.

Ugumu ni kwamba kelele husikika pale isipozaliwa. Ndani ya lile boksi la bati, vitu vinavyozunguka ni viwili tu: feni na kompresa. Vingine vyote, yaani kifuniko cha juu, bati za ubavuni, mabomba ya shaba, braketi na ukuta wenyewe, vimetulia, vinatikiswa tu. Lakini bati na ukuta ni vipana, na kitu kipana kinachotikiswa hupiga sauti kama ngozi ya ngoma: mkono unaopiga haulii, inalia ngozi. Kwa hiyo swali la kujiuliza si "kelele inatoka wapi?" Jiulize maswali mawili: nani anatikisa, na nani anatikiswa.

Swali la kwanza linajibiwa wakati wa kuzima. Simama nje karibu na mashine, mtu mwingine awe chumbani na rimoti. Acha mashine ifanye kazi mpaka kelele isikike waziwazi, kisha mwambie azime. Kompresa husimama mara moja, wakati mwingine kwa mshtuko mdogo unaotikisa boksi zima. Feni haisimami hapo hapo; inaendelea kuzunguka yenyewe kwa sekunde kadhaa huku ikipungua mwendo, na kwenye baadhi ya mashine huachwa makusudi iendelee muda zaidi ili kutoa joto. Zile sekunde ndizo zenye habari. Kelele ikikatika pamoja na kompresa huku feni bado inazunguka, anayetikisa ni kompresa. Kelele ikibaki na kushuka taratibu pamoja na mwendo wa feni, anayetikisa ni feni. Ikikatika nusu na nusu nyingine ikabaki, una makosa mawili, na hilo ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mtikiso wa kosa moja hulegeza skrubu na kuzaa lingine.

Ukitaka kurudia, subiri. Mashine nyingi hazikubali kuwasha kompresa tena mpaka zipite kama dakika tatu, ili msukumo wa gesi usawazike ndani ya mabomba. Usiharakishe kwa kuchomoa na kuchomeka umeme.

Swali la pili, la nani anatikiswa, linajibiwa kwa kiganja. Mashine ikiwa inafanya kazi, bonyeza kwa kiganja kilicho wazi katikati ya kifuniko cha juu, kisha pembeni, kisha ubavu wa kulia na wa kushoto. Usibonyeze grili ya mbele wala kupitisha kidole popote penye tundu. Pale unapobonyeza kelele ikakatika au ikabadilika sauti, umemkuta anayetikiswa. Kwa mabomba au sehemu ambayo mkono haufiki, chukua bisibisi ndefu yenye mpini wa plastiki, weka ncha yake kwenye bati la nje na mpini uugusishe kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Utashangaa jinsi mvumo wa kompresa, mkwaruzo wa beringi na mgongano wa bati vinavyotofautiana vikipita kwenye chuma badala ya hewa. Hilo lifanyike kwa nje tu, mabati yote yakiwa yamefungwa, na mbali na feni.

Acha nieleze mashine moja kwa urefu, kwa sababu ilikuwa na makosa yote matatu kwa pamoja na ndiyo iliyonifanya niandike haya. Ni mashine ya nguvu za farasi moja na nusu, ya kizamani, yaani kompresa yake ina mwendo mmoja tu: inawaka au inazima. Iko Mikocheni, Dar es Salaam, imefungwa juu ya braketi mbili kwenye ukuta wa chumba cha kulala, kimo cha mtu kutoka chini. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, na malalamiko yake yalikuwa mahususi: "Mwanangu, nikiwa nje uani naona ni kelele ya kawaida tu. Nikilala ndiyo naona kama kuna lori limewashwa nyuma ya kitanda." Fundi aliyemtangulia alikuwa ameshatoa hukumu ya kompresa.

Sentensi ile ya mama ilikuwa nusu ya jibu. Kelele inayopita hewani husikika zaidi ukiwa nje karibu na mashine, na ukuta huipunguza. Ikiwa inasikika zaidi ndani kuliko nje, basi haipiti hewani. Inapita kwenye miguu ya mashine, ikaingia kwenye braketi, kutoka kwenye braketi ikaingia kwenye bolti na tofali, na ukuta ndio unaolia. Hata kabla ya kufungua chochote, tayari tulikuwa na sababu ya kuzitilia shaka raba.

Hata hivyo hatukuanza na raba. Tulianza na bati, na ninapendekeza kila mtu aanze hapo, kwa sababu kelele ya bati ndiyo yenye makeke na inafunika nyingine zote. Mashine ilipozimwa, ule mlio wa tatatata ulikatika pale pale pamoja na kompresa. Ilipowashwa tena, kiganja juu ya kifuniko, kwenye kona ya nyuma, kikaumaliza. Kuangalia kwa karibu: skrubu tatu za kifuniko hazikuwapo kabisa, na moja ya ubavuni ilikuwa imebaki kichwa tu, shina limeliwa na kutu. Hizo tatu hazikuanguka zenyewe. Ni zile zinazofunguliwa siku ya kusafisha mashine, zinawekwa juu ya ukuta au kwenye mfuko wa shati, halafu fundi anaondoka nazo. Ile ya kutu ni kazi ya chumvi ya bahari. Mtu yeyote anayeishi kuanzia Tanga mpaka Mtwara, au Mombasa na Unguja, anajua chuma kinavyofanywa na upepo wa pwani.

Hapa kuna hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha. Kishawishi ni kuchukua skrubu yoyote iliyo karibu, tena ndefu ili ikamate vizuri. Nyuma ya bati hilo, wakati mwingine kwa umbali wa chini ya unene wa kidole, kuna mapezi ya kondensa na mabomba ya shaba yenye gesi iliyoshindiliwa. Skrubu iliyozidi urefu inatoboa bomba, na hapo, badala ya kuokoa bei ya kipuri, unajikuta umenunua gesi nzima na kazi ya kuchomelea. Chukua skrubu moja iliyobaki, nenda nayo dukani kama sampuli, nunua za chuma kisichoshika kutu zenye urefu ule ule au pungufu kidogo. Kama tundu limepanuka, ongeza unene wa skrubu saizi moja, usiongeze urefu. Pale bati mbili zinapolaliana, bandika kipande chembamba cha utepe wa sponji kabla ya kufunga, ili chuma kisigusane na chuma. Na usizibe kifuniko kwa silikoni hata kama inanyamazisha kelele. Siku ya matengenezo atakayefuata atakibandua kwa tindo.

Kabla ya kugusa feni, umeme ukatwe. Kuzima kwa rimoti si kukata umeme: mashine inaweza kujiwasha kwa saa iliyopangwa, au mtu wa ndani asiyejua akabonyeza. Zima breka ya kiyoyozi kwenye boksi la umeme, na kama kuna swichi ya kutengea umeme karibu na mashine, izime pia, kisha mjulishe kila aliye ndani ya nyumba. Baada ya hapo subiri angalau dakika kumi. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya breka kuzimwa, na kwenye mashine za inveta kuna bodi inayobeba zaidi ya volti 300 ambazo hazipotei mara moja. Kwa kazi ya bati na feni huna sababu yoyote ya kugusa waya wala bodi; ukifungua bati ukajikuta upande wenye nyaya, umefungua bati lisilo lako.

Baada ya bati kukazwa, mashine ya Mikocheni iliwashwa tena. Mlio wa tatatata ulikuwa umekwisha, na chini yake sasa vikasikika vitu viwili vilivyokuwa vimefichwa: mtikisiko wa polepole, kama boksi zima linapepesuka, na mvumo mzito usiopanda wala kushuka. Tukarudia zoezi la kuzima. Mvumo ukakatika. Mtikisiko ukabaki, ukawa mpana zaidi kadiri feni ilivyopungua mwendo, halafu ukaisha. Feni, basi.

Feni ya mashine ndogo kama hiyo huzunguka takriban mara 800 hadi 900 kwa dakika, yaani kama mara 14 kwa sekunde. Mtikiso wa mara 14 kwa sekunde ni wa chini mno kwa sikio. Hausikiki kama sauti, unauona na kuuhisi kwa mkono. Hiyo ndiyo sababu feni iliyoelemea upande mmoja hutambulika kwa grili inayocheza na boksi linalopepesuka, huku ile "sauti ya feni" ambayo watu wanaisema ni kitu kingine kilicholegea kinachotikiswa nayo.

Tuliifungua grili ya mbele, tukamulika kwa tochi ya simu. Upande wa mbele mapanga yote matatu yalikuwa safi. Upande wa nyuma wa panga moja, karibu na ncha, kulikuwa na nyumba ya nyigu: donge la udongo mkavu la ukubwa wa kidole gumba. Mama hawashi kiyoyozi miezi ya baridi, kuanzia Juni mpaka Agosti, na nyigu hawakuacha nafasi hiyo. Udongo kiasi hicho ukiwa karibu na kitovu cha feni usingeleta shida kubwa; ukiwa kwenye ncha, uzito ule ule unavuta kwa nguvu zaidi, kwa kuwa unazunguka mbali na katikati.

Donge kama hilo usilipige kwa bisibisi. Mapanga ni ya plastiki, na plastiki iliyokaa juani miaka kadhaa huvunjika kama kaukau. Lilowanishe kwa maji kidogo na kitambaa, liache lilainike, kisha likwangue kwa kijiti. Safisha na mapanga mengine pia, mbele na nyuma, maana ukisafisha moja tu ukayaacha mawili na tabaka la vumbi lenye mafuta umehamisha tatizo. Halafu angalia mizizi ya mapanga, pale yanapoungana na kitovu: ufa huanzia hapo, ni mwembamba kama unywele. Ukiuona, feni nzima ibadilishwe. Nimeona mapanga yaliyogundishwa kwa gundi na hata yaliyoshonwa kwa waya. Panga likichomoka likiwa kwenye mwendo linaingia moja kwa moja kwenye mapezi ya kondensa. Nimeona pia panga moja limevunjika ncha na fundi akakata mengine mawili yafanane. Kelele ilipungua, ni kweli, lakini hewa nayo ilipungua, kompresa ikawa inafanya kazi kwenye joto lisilo lake.

Vipo vipimo viwili vya haraka umeme ukiwa umekatwa. Cha kwanza, funga kijiti kwenye fremu ili ncha yake ikaribie ncha ya panga moja bila kugusa, kisha zungusha feni taratibu kwa mkono. Mapanga yote yapite kwenye kijiti kwa umbali ule ule, kwa kina na kwa upana. Moja likipita mbali au karibu zaidi, limepinda, au kitovu hakijakaa sawa kwenye shafti. Cha pili, sukuma feni kidogo na uiache isimame yenyewe, urudie mara kadhaa. Panga lile lile likisimama chini kila mara, hilo ndilo zito. Kipimo hiki kinadanganya kwenye mota zenye sumaku, ambazo zimejaa kwenye mashine za inveta: ukizizungusha kwa mkono unahisi zinakwamakwama, na feni husimama pale sumaku inapotaka, si pale uzito unapoielekeza. Kwa mota hizo, feni itolewe na kuning'inizwa kwenye chuma laini kinachopita katikati ya kitovu, ndipo uzito useme.

Ukitaka kuitoa, angalia nati iliyo katikati kabla ya kuweka spana. Kwenye mashine nyingi nati hiyo ina hesi za kinyume, inafunguka kwa kuzungusha upande ambao nati za kawaida hukazwa, na mara nyingi kuna mshale umechorwa kwenye kitovu. Watu wengi wamepasua kitovu kwa kutojua hilo. Feni ikiwa mkononi, shika shafti na uitikise juu na chini. Ikicheza, au ukiizungusha ukahisi inakwaruza kama ina mchanga, beringi za mota zimekwisha na hakuna usafi wa feni utakaosaidia, mota ibadilishwe. Pia hakikisha skrubu zinazoshikilia mota kwenye nguzo yake zimekaza. Ya mama ilikuwa nzima.

Ukabaki mvumo. Nje sasa mashine ilikuwa tulivu kiasi cha kuweza kuongea karibu nayo bila kupaza sauti, lakini chumbani mama alisema lori bado lipo, limesogea tu. Hapo tukaenda kwenye miguu.

Kompresa ya mwendo mmoja kwenye umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika, kama mara 47 au 48 kwa sekunde. Huo ni mtikiso wa haraka, na raba nzuri inaushinda kwa sababu yenyewe ni mvivu: inapobonyea na kurudi, mtikiso umeshageuka mara nyingi, kwa hiyo sehemu kubwa yake inaishia humo humo. Raba ikikauka inapoteza uvivu huo. Inakuwa ngumu, inafuata kila mtikiso, na kuupitisha kama ulivyo. Jua, joto na miaka ndivyo vinavyofanya hivyo, wala huhitaji kipimo cha maabara kugundua: bonyeza kwa ukucha. Raba hai inabonyea na kurudi. Iliyokufa haikubali ukucha, au inakubali na kubaki na alama, na ukiikunja kidogo inaonyesha nyufa.

Chini ya miguu ya mashine ile hapakuwa na raba hata iliyokufa. Kulikuwa na vipande vya kandambili, vimesagika mpaka unene wa kadi, na juu ya mguu nati zimekazwa mpaka washa za chuma zimezama kwenye bati. Aliyefunga alidhani anaimarisha. Kandambili ni sponji; uzito wa mashine kama hiyo, kilo 25 hadi 35, huiminya hewa yote ikatoka, ikabaki ngozi. Vipande vya tairi, ambavyo ndivyo vingine vinavyopendwa, vina kosa la upande wa pili: ndani yake mna nyuzi ngumu au waya, haviminyiki vya kutosha chini ya uzito mdogo kama huo.

Raba za miguu ya viyoyozi zinauzwa zikiwa tayari kwenye maduka ya vipuri vya friji na viyoyozi, Kariakoo zimejaa. Chagua zinazokubali kidole gumba kwa kubonyeza kwa nguvu, nene angalau sentimita moja, na zote nne zitoke kwenye mfuko mmoja. Kuzibadilisha kunahitaji watu wawili na tahadhari moja kubwa: mabomba ya shaba. Mashine imeunganishwa na ya ndani kwa mabomba hayo, ukiinyanyua kwa pupa au ukiivuta upande, unayapinda au unayapasua kwenye maungio. Legeza nati zote nne, kisha anza na upande ulio mbali na mabomba. Mmoja anyanyue upande huo kwa sentimita moja au mbili tu, mwingine aweke kipande cha mbao chini yake, atoe bolti, asukume raba mahali pake, arudishe bolti. Kisha upande wa pili, taratibu zaidi. Kama mashine iko ghorofani na kufika huko ni lazima mtu aning'inie, mwachie fundi mwenye mkanda wa usalama na mpe raba zako mkononi.

Sasa ukazaji, ambao ndio unaoharibu kazi nyingi. Bolti ya chuma inayopita katikati ya raba na kubana mguu kwenye braketi ni njia ya mkato: mtikiso unaikwepa raba na kushuka kupitia bolti. Kwa hiyo weka washa ya raba juu ya mguu pia, chini ya washa ya chuma, na kaza mpaka raba ianze kutanuka pembeni kidogo tu, basi. Ili nati isilegee kwa kuwa haijabanwa kwa nguvu, ongeza nati ya pili juu yake na uzibane hizo mbili zenyewe kwa zenyewe. Mashine ikisukumwa kwa mkono iwe inayumba kidogo sana na kurudi. Wenye nyumba wengi huogopa kuyumba huko, lakini ndiko kunakotakiwa.

Ukiwa hapo, angalia braketi. Tikisa kila moja. Bolti iliyolegea kwenye tofali lenye uwazi haitakazika kwa kuizungusha, itazunguka tu. Lazima tundu lipya. Na kama kutu imekula chuma mpaka kinabonyea au kinamenyeka tabaka, acha habari ya kelele, mashine hiyo itaanguka, na chini kuna watu. Angalia pia mabomba yanapoingia ukutani. Yakiwa yamegusa ukingo wa tundu yanapeleka mvumo chumbani hata kama raba ni mpya. Yazungushie sponji ya mabomba hapo. Bomba linalosugua bati ni baya zaidi ya kelele, kwa kuwa shaba hulika taratibu mpaka gesi inatoroka.

Kwa mama, raba mpya na kipande cha sponji kwenye tundu la ukuta vilimaliza kazi. Kompresa ile ile iliyohukumiwa inaendelea kumpoza.

Mashine za inveta zinataka uvumilivu zaidi, kwa sababu kompresa zake hubadilisha mwendo kulingana na joto la chumba. Kelele inakuja, inakaa kidogo, inapotea, na fundi akifika haipo. Ukiona hivyo, fahamu kuwa kuna bati au bomba ambalo hupokea mwendo mmoja tu kati ya mingi, na mwendo ukipita hapo linanyamaza. Mwite mwenzako tena na rimoti: ashushe nyuzi mpaka 16 ili kompresa ipande mwendo kutoka chini kwenda juu, wewe ukiwa nje na kiganja chako. Kelele itakapojitokeza utakuwa na muda mfupi wa kubonyeza na kumkamata anayelia. Mara nyingi ni bati au bomba, kompresa haina kosa.

Kuna raba nyingine ambazo hujaziona, zile tatu zilizo ndani, chini ya kompresa yenyewe. Dalili yake ni hii: bati zimekazwa, feni safi, raba za miguu mpya, na mvumo unaokatika papo hapo wakati wa kuzima bado upo, tena sasa unasikika nje zaidi kuliko ndani. Hizo ni kazi ya fundi, kwa sababu kompresa imechomelewa kwenye mabomba na kuinyanyua kupita kiasi kunapasua maungio. Gesi ya R32 iliyo kwenye mashine nyingi mpya inaweza pia kushika moto. Lakini unaweza kusimama na kuangalia jambo moja. Nati inayoshika kila raba ya kompresa hukaa juu ya bega la bolti na kuacha upenyo mdogo, raba ikibaki huru. Fundi akiweka raba mpya kisha akakaza nati mpaka raba ikafura, mvumo utarudi siku hiyo hiyo. Kompresa ikishikwa kwa mkono baada ya kufungwa, umeme ukiwa umekatwa, itikisike.

Na kompresa iliyokufa kweli? Hiyo haijifichi nyuma ya bati. Hugonga kwa chuma ndani ya mtungi wake, sauti ambayo kiganja hakiigusi popote, au huvuma sekunde chache ikijaribu kuanza kisha ikakatika kwa mlio wa "tak", na chumba hakipoi. Hata hapo kwenye kuvuma na kukatika, mwombe fundi apime kapasita na volti za nyumba kwanza, kwa maana kapasita dhaifu na umeme mdogo hutoa dalili hiyo hiyo.